Choo Cheusi Kama Lami

(Hotuba niliyoitoa Jumapili mchana kwa wachukuzi wa mizigo, madereva wa bodaboda na mama lishe wa soko letu hapa Mwanza. Walioshindwa kufika waliomba iandikwe, nami nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, na wala hamjakosa kitu, hazikuwa picha za kuangalia baada ya kula.)

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za mchana.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniuliza nitazungumzia nini. Nikamwambia, "Nitazungumzia choo." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Daktari, watu watakuwa wametoka kula." Basi nisameheni kabisa. Kazi yangu ya kila siku ni chumba cha kamera, pale tunapomezesha watu ule mpira mwembamba wenye taa ili tuone ndani ya tumbo. Na watu wengi wanaoletwa kwangu usiku wa manane, wamelegea, midomo imepauka, walikuwa na siku mbili au tatu za kujiokoa. Choo chao kiliwaambia. Hawakukisikiliza.

Niwaulize. Nani kati yenu leo asubuhi aligeuka akatazama alichokiacha chooni?

Mnacheka. Sawa. Hakuna mkono hata mmoja.

Yupo mwenzenu mmoja amenipa ruhusa nieleze habari zake, mradi nisimtaje. Amekaa humu humu, msigeukegeuke kumtafuta. Ana miaka 46, amebeba magunia tangu ujana wake. Mgongo ulikuwa unamuuma, kama unavyowauma ninyi nyote. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya zamu alikuwa anapita duka la dawa, anachukua diklofenaki mbili, anazimeza na chai ya rangi, anaanza kazi. Mchana akiona mgongo umerudi, anaongeza moja. Siku ya mzigo mkubwa, anaongeza na ibuprofeni. Miezi minne hivyo. Tumbo lilimuuma? Hata kidogo. Na hapo ndipo penye mtego. Dawa ile ile inayochimba kidonda ndiyo inayonyamazisha maumivu yake. Mtu anatobokewa kimya kimya.

Siku ya Ijumaa usiku tumbo likawa linanguruma, kama maji yanayotembea kwenye bomba. Jumamosi asubuhi akaenda choo, choo cha shimo, giza, hakuona chochote. Lakini alipotawaza, mkono ulimwambia. Anasema kitu kilikuwa kinanata, maji ya kopo moja hayakutosha, la pili halikutosha. Na harufu haikuwa ile ya kila siku. Akadhani ni dagaa wa jana.

Jumapili akaenda mara tatu, laini, inayonata. Akapanda ngazi za nyumba ya shemeji yake akasimama katikati akihema. Jumatatu alfajiri akanyanyuka kwenda uani, akaona giza la macho, akaanguka mlangoni pa choo. Mkewe ndiye aliyekuja na tochi ya simu, na mkewe ndiye wa kwanza kuona rangi. Nilipomuuliza, mama yule hakuzunguka. Alisema: "Ni nyeusi kama lami ya barabarani wakati wa jua."

Lami. Sijapata neno zuri kuliko hilo kwenye vitabu vyote nilivyosoma. Nyeusi, inang'aa, inanata. Madereva wa bodaboda huniambia "kama oili chafu," nayo ni sawa pia.

Sasa, damu ni nyekundu. Kila mtu anajua damu ni nyekundu. Kwa nini itoke nyeusi?

Mama lishe nawaomba mnisaidie hapa. Maini mabichi yana rangi gani? Nyekundu iliyokolea. Ukiyaweka kwenye kikaango yanakuwaje? Kahawia, na ukiyasahau, meusi. Damu haikutoka kwenye maini yale, imebadilika tu. Ile rangi nyekundu ya damu inatokana na himoglobini, na katikati ya himoglobini kuna madini ya chuma. Moto ukiivuruga himoglobini, wekundu unakufa. Na tindikali ya tumboni inafanya kazi ya moto bila moto.

Wale wazee waliowahi kupimwa damu kwenye zahanati zamani wataukumbuka mrija mdogo wa kioo wa kipimo cha Sahli. Mtaalamu alichukua tone la damu kidoleni mwako akaliweka kwenye tindikali nyepesi, ya aina ile ile iliyomo tumboni, akasubiri dakika 10. Damu ikageuka kahawia mbele ya macho yenu. Kisha akaongeza maji tone kwa tone mpaka rangi ikalingana na kioo cha pembeni, akasoma namba. Mlikuwa mnaangalia kinachotokea ndani ya tumbo la mtu anayevuja damu, ila wakati ule ilikuwa kwenye mrija.

Kwa hiyo damu ikivujia tumboni, tindikali inaigeuza kahawia. Akiitapika wakati huo, inatoka kama mashapo ya kahawa chini ya kikombe. Asipoitapika, inateremka kwenye utumbo. Huko inakutana na vimeng'enya vinavyoimeng'enya kama nyama nyingine yoyote, halafu inakutana na bakteria wa utumbo, nao wanaimalizia. Inasafiri zaidi ya mita 6 za utumbo. Inahitaji muda wa saa 8 au zaidi. Ikitoka huko, ni lami. Kile kinachonata ni damu iliyomeng'enywa, na ile harufu, ndugu zangu, manesi wa zamu wanaijua tangu mlangoni. Wanakuja kuniambia, "Daktari, kitanda cha nne ana choo cheusi," na mgonjwa hata shuka hajafunuliwa.

Ndiyo maana rangi inatuambia mahali. Damu iliyotoka juu imesafiri mbali na imepikwa njiani. Damu iliyotoka chini, karibu na mlango wa nje, haijapata muda wa kupikwa, inatoka nyekundu. Mtu mwenye bawasiri anaona matone mekundu juu ya choo au kwenye maji ya kutawaza. Sisi mpaka wetu wa juu na chini tunauweka kwenye kano ndogo inayoshikilia utumbo mwembamba pale sehemu yake ya kwanza inapoishia. Aliyeieleza ni daktari wa Praha, Treitz, mwaka 1853, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kuanzia umio, tumbo, mpaka kwenye kano hiyo, tunaita juu.

Je, kanuni hiyo haivunjiki? Inavunjika, na mnapaswa kujua inavunjikaje. Damu ikivuja juu kwa kasi sana, kama bomba lililopasuka, haina muda wa kupikwa. Inateremka mbio na kutoka nyekundu au ya rangi ya zambarau iliyokolea, na mtu anazimia hapo hapo. Huyo ana hali mbaya kuliko mwenye lami. Na damu inayovuja polepole upande wa kulia wa utumbo mpana nayo inaweza kutoka nyeusi nyeusi. Kwa hiyo rangi inatuelekeza pa kuanza kutafuta. Haikati kesi.

Halafu kuna jambo moja linalowashangaza watu. Inahitajika damu kiasi gani kugeuza choo kiwe cheusi? Watafiti wa zamani walijibu swali hili kwa kuwanywesha watu wa kujitolea damu yenyewe na kutazama kitakachotoka. Mililita 50 hadi 100 zilitosha. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa ya barazani, kile kidogo kisicho na mkono. Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Kwa hiyo choo cheusi peke yake hakikuambii umepoteza damu nyingi au kidogo. Kinakuambia tu kwamba kuna mahali panavuja.

Kinachokuambia kiasi ni udhaifu.

Nirudie hilo. Rangi inasema wapi. Udhaifu unasema kiasi gani.

Turudi kwa mwenzetu. Jumatatu ile ile asubuhi walimpeleka kituo cha afya cha karibu, sitakitaja. Wakampima damu kidoleni. Namba ikasoma 11.8. Wakamwambia, "Baba, damu unayo, ni uchovu tu na vidonda vya tumbo," wakampa dawa ya maji ya kutuliza tumbo na akarudi nyumbani. Jumanne jioni aliletwa kwetu kwa bajaji, amelazwa mapajani kwa mkewe. Namba ikasoma 6.4.

Je, kipimo cha kwanza kilikosea? Hapana. Kilisema kweli. Aliyekisoma ndiye hakukielewa.

Sikilizeni vizuri, maana hata wataalamu wanajikwaa hapa. Mna ndoo ya juisi ya ukwaju, nzito, imekolea. Ukimwaga nusu, iliyobaki imekuwa nyepesi? Haijawa. Imepungua, lakini imekolea vile vile. Kile kipimo cha kidole kinapima ukolevu, hakipimi ujazo. Mtu akipoteza lita nzima ya damu saa moja iliyopita, namba yake inaweza kuwa nzuri kabisa. Baadaye mwili unaanza kuvuta maji kutoka kwenye nyama na kuyaingiza kwenye mishipa ili kujaza pengo. Hapo ndoo inajaa tena, lakini kwa maji. Ndipo namba inaporomoka, na inaweza kuchukua siku nzima au zaidi.

Kama namba inachelewa, nini kinawahi? Moyo. Mtu mzima akipoteza kati ya robo tatu ya lita na lita moja na nusu, moyo unaanza kukimbia ili damu chache iliyobaki izunguke haraka. Akilala anaweza kuwa sawa. Akikaa au kusimama, damu inashuka miguuni, ubongo unakosa, anaona giza. Presha ya damu ndiyo hushuka mwishoni, wakati mwili umeshindwa kujitetea. Mwenzetu Jumatatu asubuhi alikuwa ameanguka mlangoni pa choo. Mapigo yake hayakuhesabiwa. Laiti yangehesabiwa, sidhani kama angerudishwa nyumbani.

Kuhesabu mapigo si kazi ya daktari peke yake. Kila mmoja wenu ana simu yenye saa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Mtu aliyetulia, asiye na homa, mapigo yake yakizidi 100 na choo chake ni lami, hiyo ni dharura ya usiku huu huu. Na kama alikuwa 84 akiwa amelala, akisimama yakawa 120, au akasimama tu akayumba, mrudishe alale, tafuta gari. Gari, nimesema. Msimpakize kwenye pikipiki akae katikati. Atazimia njiani mwanguke wote. Nimewapokea waliofika na choo cheusi na mguu uliovunjika.

Tulimwekea mwenzetu dripu mbili kubwa, tukamwongezea damu uniti mbili, tukampa omeprazo kwa mshipa. Ndugu zake wakaniuliza, kama wanavyouliza ndugu wote, "Daktari, mbona hamumchomi ile sindano ya kukatisha damu?" Ni swali zuri. Sindano hiyo inawasaidia majeruhi wa ajali na akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua. Lakini mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 15, wagonjwa zaidi ya 12,000 wanaovuja damu tumboni, na waliochomwa walikufa sawa na wasiochomwa. Kidonda cha tumbo kinataka kuonwa na kuzibwa.

Asubuhi yake nikapitisha kamera. Tumbo lenyewe lilikuwa na michubuko midogo midogo, saini ya diklofenaki. Nikavuka mlango wa tumbo kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, na pale, ukuta wa nyuma, kidonda cha upana wa kucha ya dole gumba, sakafu yake nyeupe, na katikati kichwa cha mshipa kimechomoza kama ncha ya kalamu ya wino. Nyuma ya ukuta ule unapita mshipa mkubwa wa ateri. Kidonda kilikuwa kimechimba mpaka kikaufikia. Nikadunga adrenalini kuuzunguka, ukasinyaa, kisha nikaubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Dakika kama 20 zote. Yeye hakumbuki chochote isipokuwa ladha mbaya ya ile dawa ya kupuliza kooni.

Nikachukua na vinyama viwili vitatu vya kupima bakteria wa vidonda, Helikobakta. Alikuwa naye. Wengi wetu tunaye, tangu utotoni. Zamani madaktari walidai hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye tindikali ile, mpaka mwaka 1984 Mwaustralia, Barry Marshall, alipomnywa bakteria huyo mwenyewe kwenye kikombe na kuugua tumbo ndani ya siku chache. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Bakteria peke yake anachubua. Diklofenaki peke yake inachubua. Vikikutana katika tumbo moja, ndiyo hayo mliyoyasikia.

Hapa naomba niseme mambo mawili kuhusu hizi dawa za maumivu, maana najua zinavyouzwa hapa nje. La kwanza: "Mimi nachomwa sindano, haipiti tumboni." Inapita. Dawa hizi hazichomi tumbo kwa kuligusa tu. Zinazuia kemikali fulani mwilini inayofanya ukuta wa tumbo utoe ute wake wa kujikinga. Iingie kwa mdomo, kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa, itafika kwenye damu na ute utapungua. La pili: "Mimi nakula kwanza." Ni vizuri, kula kunapunguza kichefuchefu, lakini ute haurudi kwa sababu umekula ugali. Anayelazimika kuzitumia muda mrefu anatakiwa kupewa na omeprazo ya kumlinda, na awe amepimwa. Kwa mgongo wa kawaida anza na parasetamoli, haina tabia hiyo. Na kama daktari wa moyo alikupa aspirini ndogo ya kila siku, usiitupe kwa sababu ya maneno yangu. Ukiona lami, njoo nayo, tuamue pamoja.

Mama mmoja pale mbele amenikunjia uso tangu nianze. Najua anachotaka kusema. Ana mimba, anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na choo chake ni cheusi. Dada, tulia. Chuma kilichozidi kwenye vidonge vile kinatoka kikiwa cheusi, kina ukijani kwa mbali, na choo kinabaki na umbo lake, pengine kigumu zaidi. Hakinati kama lami na hakina ile harufu. Usiache vidonge vyako. Mkaa wa dawa nao unafanya choo cheusi. Na ndugu zangu Wachaga, mkishiba kisusio sikukuu, ile ni damu, na kesho yake inaweza kutoka kama damu yoyote iliyopita tumboni. Vivyo hivyo Mmasai aliyekunywa damu na maziwa, au mtoto aliyetokwa damu puani usiku akaimeza. Kwa hiyo kabla ya hofu, uliza: jana tulikula nini?

Lakini vidonge hivi vya chuma vina upande wa pili, na huu unaua. Mchukuzi mwingine, kijana zaidi, alianza kuchoka. Akaenda duka la dawa akasema, "Nina upungufu wa nguvu." Akauziwa vidonge vya kuongeza damu. Baada ya siku mbili choo kikawa cheusi, akarudi kuuliza, akajibiwa kwa imani kabisa, "Ni hivyo vidonge." Na kweli vidonge vinafanya hivyo! Ila kwake kulikuwa na vyote viwili, vidonge na kidonda kinachovuja. Kwa wiki tatu alikuwa anapakwa rangi juu ya rangi. Alifika kwangu damu ikiwa 4.1, anatembea, kwa sababu ilivuja polepole na mwili ukazoea. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza ni hili: uchovu ulianza kabla ya vidonge au baada? Mwanaume mzima hana hedhi, hana mimba. Damu yake ikipungua, imekwenda mahali. Tafuta ilipokwenda kabla ya kuiongeza.

Nibakize dakika chache kwa ndugu zetu wa visiwani, maana nawaona wavuvi wamekaa pale nyuma.

Si kila lami ni kidonda. Huku kwetu ziwani tuna chanzo kingine ambacho madaktari wa Dar es Salaam wanakiona mara chache kuliko sisi: kichocho cha tumbo. Minyoo yake inakaa kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ini, miaka na miaka. Mayai yake yanakwama ndani ya ini, na kila yai linaacha kovu. Makovu yakiwa mengi, damu inayotaka kupita kwenye ini inakuta njia imezibwa. Itafanyaje? Inatafuta vichochoro. Bandama linavimba, unaweza kulishika chini ya mbavu za kushoto kama jiwe. Na mishipa midogo ya umio, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo, inajaa na kutuna mpaka inafanana na minyoo ya ardhini chini ya ngozi laini.

Kijana mmoja kutoka Ukerewe, miaka 29, alikuwa anakula ugali na sato na familia yake. Akajisikia kichefuchefu. Akatapika beseni la damu, nyekundu, yenye mabonge. Hakuwa na maumivu yoyote. Kivuko kilikuwa kimekwisha ondoka, wakangoja asubuhi. Alipofika alikuwa ameshaenda choo cha lami mara nne. Hapo mnaona damu ile ile moja, njia mbili: iliyopanda ilitoka nyekundu, iliyoshuka ilitoka nyeusi.

Huyu hatukumdunga kidonda, maana hakuwa nacho. Tulimpa dawa ya kupunguza shinikizo kwenye mishipa hiyo, na sindano ya antibayotiki, maana wagonjwa hawa hushikwa na maambukizi upesi. Damu tulimwongezea kwa kiasi. Ukiwajaza sana, shinikizo linapanda na mshipa unapasuka upya, na ndugu hawapendi kusikia hilo. Kisha kwa kamera nikaifunga mishipa kwa vipira vidogo, kama mnavyofunga mdomo wa mfuko wa plastiki. Akarudi kila baada ya wiki chache tufunge iliyobaki. Anakunywa propranololi kila siku, nayo ni ya kushusha shinikizo hilo. Prazikwanteli tulimpa pia, na imeua minyoo, lakini makovu ya miaka 20 haiwezi kuyafuta. Kwa hiyo wale mnaokimbia wenzenu wanapogawiwa dawa ya kichocho shuleni na mialoni, mkisema inaleta kizunguzungu: kizunguzungu cha siku moja ndicho bei ya dawa hiyo. Inywe kabla ini halijafunga njia. Na mwenye bandama kubwa asiguse diklofenaki wala aspirini bila kuuliza.

Ukishaiona lami, beba kila kidonge ulichomeza mwezi huu, hata cha kwenye karatasi isiyo na jina, hata dawa ya mizizi. Usile kitu njiani, kamera haioni kupitia wali. Usinywe maziwa ukidhani yanaziba. Kama choo chako kina mwanga, piga picha kwa simu. Msicheke, picha moja inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Na ukifika mapokezi usiseme "tumbo linanisumbua," maana utapangwa foleni na wenye gesi. Sema: "Naenda choo cheusi kinachonata, na nikisimama naona giza." Sema maneno hayo hayo.

Ukisharuhusiwa, choo kinaweza kubaki cheusi siku tatu mpaka tano. Ni damu ya zamani inayomalizika kutoka. Mwenzetu alinipigia simu siku ya pili akilia kwamba imerudi. Nikamuuliza mapigo. Akahesabu: 76. Unasimama bila kuyumba? Nasimama. Basi lala. Angeniambia 118, ningemwambia ageuze.

Siku hizi ameweka taa chooni kwake. Mkewe ndiye aliyedai, na balbu ameinunua nyeupe, si ile ya njano, kwa sababu anasema ya njano inadanganya.

Maswali yaliyobaki, njooni pale kwenye mizani ya magunia. Nimekuja na nesi mmoja na kipimo cha presha, tupo mpaka saa kumi na mbili jioni. Waliomeza diklofenaki asubuhi ya leo waanze kupanga foleni upande huu. Najua mpo wengi. Nimeona makaratasi yake pale getini wakati naingia.